Mama Anayevuta Sigara Asimwachishe Mtoto Ziwa: Namna Nikotini Inavyofika Katika Maziwa na Namna ya Kuipunguza

Miongoni mwa maswali ambayo wauguzi wa kliniki za Baba, Mama na Mtoto huulizwa kwa sauti ya chini, pembeni ya foleni ya mizani, limo hili la mama anayenyonyesha huku akivuta sigara au akitumia ugoro. Mara nyingi mama huyo huwa ameshapewa jibu nyumbani kabla ya kufika zahanati. Ameambiwa kwamba maziwa yake yana sumu, kwamba heri amwachishe mtoto ziwa na kumpa uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, lakini laweza kumdhuru mtoto kuliko sigara yenyewe.

Ushauri wa kitaalamu, ukiwemo wa Shirika la Afya Duniani, ni kwamba mama avute au asivute, aendelee kunyonyesha. Kinachotakiwa kuondolewa karibu na mtoto ni tumbaku, si ziwa. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa mama baada ya kuvuta sigara, athari anayoipata mtoto, na hatua anazoweza kuchukua mama ambaye ameamua kuacha pamoja na yule ambaye bado hajaweza.

Safari ya nikotini kutoka sigara hadi ziwani

Nikotini ndiyo kilevi kilichomo ndani ya tumbaku, na ndiyo inayomfanya mvutaji arudie tena na tena. Mama anapovuta moshi, nikotini hupita katika mapafu na kuingia kwenye damu ndani ya sekunde chache. Kutoka kwenye damu huingia katika maziwa bila kizuizi. Kwa kuwa maziwa yana uchachu kidogo kuliko damu, nikotini hunaswa humo na kujikusanya, hata kiwango chake katika maziwa kikawa takriban mara tatu ya kile kilichomo katika damu ya mama.

Hata hivyo, nikotini haikai humo daima. Damu ya mama inapoendelea kusafishwa na ini, nikotini iliyo ndani ya maziwa nayo hurudi kwenye damu na kuondolewa. Kwa wastani, kiasi kilichomo katika maziwa hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja na nusu. Tuseme kwamba mara baada ya sigara maziwa yana mafungu 8 ya nikotini. Baada ya saa moja na nusu yatabaki mafungu 4, baada ya saa tatu mafungu 2, na baada ya saa nne na nusu fungu 1. Hesabu hii ndogo ndiyo msingi wa ushauri utakaofuata, kwa maana inaonyesha kwamba wakati wa kuvuta una uzito sawa na idadi ya sigara zinazovutwa.

Hesabu hiyo hiyo inaondoa dhana nyingine iliyoenea, kwamba mama aliyevuta akamue maziwa na kuyamwaga ili yatoke "machafu" na kuingia "masafi". Kukamua hakuharakishi chochote. Maadamu damu bado ina nikotini, maziwa mapya yatakayoingia ziwani yatakuwa nayo vilevile, na damu inaposafika, maziwa yaliyomo husafika yenyewe. Anayemwaga maziwa hupoteza chakula cha mtoto bila faida.

Ikumbukwe pia kwamba si moshi peke yake unaobeba nikotini. Ugoro wa kunusa au wa kuweka mdomoni, kuberi, tumbaku ya kutafuna, shisha na sigara za kielektroniki, zote huingiza nikotini katika damu na kisha katika maziwa. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo kwa muda mrefu huiachia nikotini polepole, hivyo damu ya mama hubaki nayo kwa saa nyingi mfululizo. Mama anayejiona yu salama kwa sababu hatoi moshi hana budi kulitambua hilo.

Anachokipata mtoto

Mwili wa mtu mzima huipunguza nikotini iliyomo katika damu kwa nusu ndani ya saa mbili hivi. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa, na katika siku zake za mwanzo kazi hiyo hiyo humchukua takriban saa 11. Kwa sababu hiyo, kiasi kidogo anachokipata katika kila nyonyo huweza kukutana na masalio ya nyonyo iliyotangulia. Madhara huwa makubwa zaidi kwa mtoto wa wiki za mwanzo, na kwa mtoto ambaye mama yake anavuta sigara nyingi kwa siku.

Athari inayoonekana kwa wepesi zaidi ni ya usingizi. Katika uchunguzi uliofanyika huko Filadelfia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, watafiti waliwafuatilia kina mama 15 waliokuwa wakinyonyesha na kuvuta sigara. Kila mama na mtoto wake walitazamwa kwa saa tatu na nusu katika siku ambayo mama alivuta, na kwa muda kama huo katika siku ambayo hakuvuta. Mama asipovuta, mtoto alilala kwa wastani wa dakika 84. Mama akivuta, alilala dakika 53 tu. Watoto walinyonya kiasi kile kile cha maziwa katika siku zote mbili, kwa hiyo haikuwa njaa iliyowaamsha. Mama anayelalamika kwamba mtoto wake hushtuka na kulia kila alazwapo, naye hukitafuta kitulizo chake katika sigara nyingine, huenda amenaswa katika mzunguko ambao sigara yenyewe ndiyo inauendesha.

Athari ya pili haionekani kwa siku moja. Nikotini hupunguza prolaktini, homoni inayouamuru mwili kutengeneza maziwa. Mama anayevuta sana huweza kutoa maziwa pungufu, na kina mama wavutaji kwa jumla huacha kunyonyesha mapema kuliko wenzao. Mara nyingi huamini kwamba maziwa yao "yamekauka yenyewe".

Athari ya tatu inahusu madini joto, ambayo mtoto huyahitaji kwa ukuaji wa ubongo. Kemikali nyingine iliyomo katika moshi wa sigara huyazuia madini hayo yasipite kuingia katika maziwa. Uchunguzi uliofanyika Denmaki na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba maziwa ya kina mama wavutaji yalikuwa na takriban nusu tu ya madini joto yaliyokuwemo katika maziwa ya wasiovuta. Ni sababu moja zaidi kwa kaya yenye mama anayenyonyesha kutumia chumvi iliyoongezwa madini joto, badala ya chumvi ya mawe isiyo na alama hiyo kwenye mfuko.

Zaidi ya yote hayo upo moshi wenyewe, ambao mtoto huuvuta kwa pua. Moshi huo humletea kikohozi, nimonia na maradhi ya masikio, na huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto akiwa usingizini. Madhara haya humfikia mtoto hata kama hanyonyi, na hata kama anayevuta ni baba au babu na si mama.

Kwa nini ziwa libaki

Baada ya kuyasoma hayo, mtu anaweza kuona kwamba kumwachisha mtoto ziwa ndiyo busara. Lakini yapimwe yatakayofuata. Mtoto aliyeachishwa ziwa ataendelea kuvuta moshi wa nyumba ile ile, isipokuwa sasa atakuwa amepoteza kinga aliyokuwa akiipata katika maziwa ya mama dhidi ya kuhara na dhidi ya maradhi ya mapafu, yaani maradhi yale yale yanayochochewa na moshi. Juu ya hayo ataanza kupewa maziwa au uji kwa kikombe au chupa ambayo huenda haikuchemshwa, kwa maji ambayo huenda si salama. Maziwa ya mama mvutaji yana upungufu wake, lakini bado yana kinga ambayo hakuna uji wala maziwa ya dukani yanayoweza kuileta. Kwa mtoto wa mama mvutaji kinga hiyo ina kazi kubwa zaidi.

Mfano wa mama mmoja

Ili ushauri uonekane katika maisha ya kawaida, tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto wa kike wa miezi miwili. Mama huyu anauza maandazi karibu na stendi. Aliacha sigara alipokuwa mjamzito, akairudia wiki tatu baada ya kujifungua, jambo linalowapata kina mama wengi waliokwisha kuacha wakati wa ujauzito. Sasa anavuta sigara sita kwa siku.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo 3.9, na mwezi wa pili kilo 4.2. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa ukuaji uliokuwa ukipanda sasa umeanza kulala. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutarajiwa kuongeza karibu kilo moja kwa mwezi. Gramu 300 ni dalili ya kuulizia.

Muuguzi anamwita pembeni. "Mama, hebu nieleze siku yako tangu unapoamka."

"Naamka saa kumi na moja na nusu, nesi. Navuta moja kabla ya kuwasha jiko. Mtoto akiamka saa kumi na mbili, namnyonyesha. Nyingine navuta pale stendi, na ya mwisho usiku kabla ya kulala. Mama mkwe ameniambia nimwachishe."

"Usimwachishe. Tutabadilisha mpangilio."

Sigara ya kwanza ya mama huyu huvutwa nusu saa tu kabla ya kunyonyesha, wakati maziwa yakiwa na nikotini nyingi. Muuguzi anamshauri ageuze: amnyonyeshe mtoto kwanza saa kumi na mbili mpaka ashibe, kisha, ikiwa hajaweza kujizuia, atoke nje na kuvuta. Nyonyo ifuatayo kwa kawaida huwa saa tatu asubuhi. Kwa hesabu ya mafungu, muda huo unatosha kuyapunguza mafungu 8 hadi 2. Idadi ya sigara haijabadilika, ila mtoto anakutana na robo tu ya kiwango kinachokuwemo mara baada ya kuvuta.

Hatua ya pili ni kuifuta sigara ya usiku. Mtoto wa miezi miwili hunyonya mara kwa mara usiku, tena akiwa karibu sana na pumzi na nguo za mama, hivyo hiyo ndiyo yenye madhara zaidi kati ya zote sita. Baada ya hapo, mama anapunguza nyingine kila baada ya siku chache, akianza na zile anazovuta kwa mazoea tu na si kwa kiu.

Muuguzi anaongeza onyo moja. Mtoto akililia ziwa kabla ya saa kufika, apewe. Mpangilio huu unamwelekeza mama wakati wa kuvuta. Haumpangii mtoto wakati wa kula. Kumnyima ziwa mtoto mwenye njaa ili nikotini ipungue ni kumrudisha kwenye tatizo lile lile la uzito.

Jambo la mwisho ni kunyonyesha mara nyingi zaidi, angalau mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana, kwa kuwa unyonyaji wa mtoto ndio unaouhimiza mwili kuongeza maziwa. Mama anatakiwa arudi baada ya wiki mbili kupima uzito, asingojee mwezi.

Moshi ubaki nje ya nyumba

Kuvuta kibarazani au dirishani hakutoshi, kwani moshi hurudi ndani. Anayevuta atoke kabisa, mbali na mlango na dirisha, na kanuni hiyo imhusu kila mtu wa nyumba hiyo na wageni wao. Katika nyumba ya chumba kimoja, moshi wa sigara moja hubaki hewani muda mrefu hata baada ya kutoonekana kwa macho.

Masalio ya moshi hushika pia katika nywele, nguo na vidole. Mama atenge khanga au shati moja la kuvalia anapovuta na kuliacha nje, kisha anawe mikono kwa sabuni na kusukutua mdomo kabla ya kumpakata mtoto. Khanga ya kuvutia isiwe ndiyo ya kumbebea mtoto. Vipisi vya sigara na ugoro viwekwe mahali mtoto anayetambaa asipopafikia, kwa sababu kumeza hata kipisi kimoja kwaweza kumdhuru mtoto mdogo.

Kuhusu kulala, mtoto ambaye mama au baba yake anavuta asilale nao kitanda kimoja, kwa maana hapo ndipo hatari ya kifo cha ghafla usingizini huongezeka zaidi. Alazwe chali, chumba kile kile cha mama, juu ya godoro dogo au tandiko lake lisilobonyea, bila mito wala nguo nzito za kumfunika uso, na chini ya chandarua. Mama amnyonyeshe usiku kisha amrudishe mahali pake.

Kuacha kabisa

Kupunguza ni hatua ya kati. Salama kamili huja kwa kuacha. Kiu ya sigara huja kama wimbi, na mara nyingi hupoa ndani ya dakika chache. Wengi husaidika kwa kunywa maji, kutembea kidogo au kufanya kazi ya mikono mpaka wimbi lipite. Hasira, kukosa utulivu na usingizi wa mang'amung'amu huwa vikali zaidi katika wiki ya kwanza, na hupungua kwa wiki mbili hadi nne. Inafaa mama achague siku ya kuanza, aitangaze kwa wale anaoishi nao, na aombe wasivute mbele yake. Mume anayevuta akiacha siku hiyo hiyo, kazi huwa nyepesi kwa wote wawili.

Kwa mama aliyejaribu akashindwa, zipo bidhaa zenye nikotini pekee bila moshi, kama vile ubani wa kutafuna unaofanana na bigijii, na vibandiko vya kubandika kwenye ngozi, ambavyo hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa. Navyo huingiza nikotini katika maziwa, lakini bila lami wala kemikali nyingine za moshi, na kwa kawaida ni salama kuliko kuendelea kuvuta. Ubani hutafunwa mara baada ya kunyonyesha, kwa kufuata hesabu ile ile ya saa. Kibandiko hutoa nikotini muda wote kinapokuwa mwilini, kwa hiyo mama anayenyonyesha hushauriwa kukibandua anapokwenda kulala. Kamwe asivute huku akiwa amekivaa. Bidhaa hizi, na zaidi sana vidonge vya kusaidia kuacha sigara, zisianzwe kabla ya kuonana na mganga.

Dalili zinazomtaka mama afike kituoni

Mtoto afikishwe zahanati au kituo cha afya ikiwa uzito wake hauongezeki au mstari wa kadi umelala, ikiwa baada ya wiki ya kwanza ya maisha yake anakojoa chini ya mara sita kwa siku, au ikiwa anatapika, anaharisha au halali huku akilia bila kutulia. Mtoto anayepumua kwa haraka au kwa shida, anayekataa kunyonya, anayekuwa mlegevu asiyeamka kwa urahisi, au aliyemeza tumbaku, apelekwe mara moja, hata kama ni usiku.

Mama afikapo kliniki aeleze wazi anachotumia, kiwe sigara, ugoro au shisha, na mara ngapi kwa siku. Maelezo hayo ni siri kati yake na mhudumu, na bila hayo muuguzi hawezi kumpangia saa zake. Kwa mujibu wa sera ya afya, huduma za kina mama wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Asiyeweza kufika mapema azungumze na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji au mtaa wake. Siku ya kliniki aje na kadi ya mtoto na, ikiwezekana, aje na baba wa mtoto, kwa kuwa mpango wa kuuondoa moshi nyumbani unawahusu wote wawili.